Muziki Chini, Ziwa Nyuma

Ukitoka Uvira kwenda Baraka kwa barabara ya taifa namba 5, Makobola inakupokea mahali ambapo nchi imebanwa. Kushoto ni Ziwa Tanganyika, kulia milima inapanda, na katikati umebaki ukanda mwembamba wa nyumba, mashamba na barabara. Kwa mtu aliyebeba kamera ni mahali pazuri. Kwa aliyebeba kinasa sauti ni mahali pagumu, kwa sababu hakuna sehemu ya kukaa na shahidi ambako wimbi halisikiki, au pikipiki haisikiki, au vyote viwili.

Watu huja Makobola kurekodi kwa sababu inayojulikana Kivu ya Kusini nzima. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, zaidi ya raia 800 waliuawa Makobola II na katika vijiji jirani vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Hesabu hiyo imo katika Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa Oktoba 2010. Waliokuwa vijana mwaka ule sasa ni watu wazima, na waliokuwa wazee wanazidi kupungua. Kila ushuhuda unaorekodiwa huko una uzito wa kuwa labda wa mwisho kutoka kwa mtu huyo. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya filamu ya namna hiyo, yaani kuchanganya sauti, ina kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote: je, kila neno la shahidi linasikika na mtu anayelisikia mara moja tu, bila nafasi ya kurudisha nyuma?

Eneo hili lina historia yake ya filamu za kuhudumia watu. Mwaka 2004 shirika la AJEDI-Ka la Uvira, likiongozwa na Bukeni Waruzi, lilitengeneza na shirika la WITNESS la New York filamu fupi iitwayo On the Frontlines, kuhusu watoto walioingizwa jeshini. Ilionyeshwa vijijini mbele ya wazazi wenyewe ili wasiwatoe watoto wao kwa makundi yenye silaha. Mwaka uliofuata ikaja A Duty to Protect, iliyolenga pia masikio ya watu wa sheria huko Hague. Masikio ya makundi hayo mawili hayafanani. Msikilizaji mmoja anasikiliza ndani ya chumba kimya chenye spika nzuri. Mwingine amekaa kwenye benchi uwanjani usiku, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba, watoto wanacheka, na sauti inatoka kwenye spika mbili zilizoazimwa kanisani. Yeyote anayechanganya sauti ya filamu ya Makobola leo anakutana na wasikilizaji hao wawili, na wa tatu ameongezeka: mwenye simu.

Mchanganyo mzuri huanza na sauti ya binadamu ikiwa peke yake. Muziki unazimwa, ziwa linazimwa, na mchanganyaji anapitia ushuhuda wote kutoka mwanzo hadi mwisho akisawazisha sentensi kwa sentensi. Kabla ya hapo anaweka spika zake kwenye ukubwa mmoja na kuacha kugusa kitufe. Katika chumba kidogo, wengi hucheza kelele ya majaribio ya −20 dBFS na kupandisha spika mpaka kipimo cha chumbani kisome kati ya desibeli 73 na 79. Sababu yake ni rahisi. Kitufe kikiguswa kila nusu saa, sikio halina tena la kulinganisha nalo, na mtu aliyechoka jioni atapandisha kila kitu.

Kipimo kinachotumika siku hizi kinaitwa LUFS. Kinapima ukubwa wa sauti kwa namna inayokaribia jinsi sikio linavyousikia: sauti nzito sana zinahesabiwa kidogo, zile kali za juu zinahesabiwa zaidi. Sifuri ni dari, hivyo namba zote ni hasi, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa. Hatua moja ya tofauti huitwa LU, nayo ni sawa na desibeli moja. Njia ya kupima iliwekwa na shirika la mawasiliano la kimataifa ITU mwaka 2006 katika waraka BS.1770. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ukatoa pendekezo R 128: programu nzima iwe na wastani wa −23 LUFS, na kilele chake kisivuke −1 dBTP. Kikundi kilichoandaa pendekezo hilo kiliongozwa na Florian Camerer wa redio na televisheni ya Austria. −23 ndiyo namba ambayo vituo vingi vya Ulaya huidai, na filamu ya kutoka Makobola inayotaka kupita kwenye televisheni za Kifaransa itakutana nayo mlangoni.

Sasa, namba hiyo ni wastani wa filamu nzima, na wastani una tabia ya kuficha. Chukua filamu ya mfano yenye dakika 26, urefu ambao televisheni nyingi za Kifaransa huupenda. Dakika 18 ni ushuhuda, uliosawazishwa vizuri kwenye −23.5 LUFS. Dakika 4 ni muziki peke yake juu ya picha za milima na mitumbwi, nao umeachwa kwenye −16 kwa sababu ulipendeza hivyo chumbani. Dakika 4 zilizobaki ni sauti ya ziwa na kijiji tu, kwenye −36. Pima filamu nzima, kipimo kitasoma kama −20.9. Mteja anataka −23. Mchanganyaji mwenye haraka anashusha kila kitu kwa LU 2.1, anapata −23 kamili, anatuma, na anapokelewa. Lakini shahidi wake sasa amekaa chini ya −25.5. Muziki bado unafoka. Mtazamaji nyumbani atapandisha sauti ili amsikie mama anayezungumza, kisha muziki utamrukia na ataishusha tena. Filamu imepita mtihani, na shahidi amefeli.

Suluhisho liko kwenye muziki. Zile dakika nne zikishushwa kwa LU 6 tu, kutoka −16 hadi −22, filamu nzima inasoma −23.2 bila sauti ya shahidi kuguswa hata kidogo. EBU inaruhusu kosa dogo, kwa hiyo hapo kazi imekwisha. Mtu akitazama hesabu hii ataona jambo ambalo mchanganyaji mzoefu hulijua kwa mkono: dakika chache za sauti kubwa zina nguvu kuliko dakika nyingi za sauti ya kawaida. Dakika nne zilikuwa zikiwaadhibu watu waliozungumza kwa dakika kumi na nane.

Na zile dakika nne za ziwa? Hazikuhesabiwa kabisa. Kipimo kina geti: kwanza kinatupa kila kilicho chini ya −70 LUFS, kisha kinatafuta wastani wa kilichobaki na kutupa kila kilicho zaidi ya LU 10 chini ya wastani huo. Ziwa kwenye −36 liko nje ya geti. Likipandishwa hadi −31, linaingia ndani, na wastani wa filamu unashuka hadi kama −23.8. Anayeiona namba hiyo bila kujua chanzo chake atadhani filamu imekuwa ndogo na ataipandisha yote. Kumbe hakuna aliyenong'ona. Ni ziwa tu limeanza kuhesabiwa. Kwa hiyo namba ikibadilika ghafla kati ya toleo la jana na la leo, jambo la kwanza la kuuliza ni kitu gani kimevuka geti.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine ya bei. Programu ya bure ya ffmpeg inatosha:

```
ffmpeg -i mchanganyo.wav -af ebur128=peak=true -f null -
```

Mwishoni inaandika mstari unaoanza na I, ambao ni wastani wa filamu, kisha LRA, ambao ni upana kati ya sehemu za chini na za juu, na Peak, yaani kilele. Ikiwa kinachohitajika ni kupandisha au kushusha kidogo, inafaa kutumia badiliko moja la ukubwa kwa faili zima. Programu hiyo hiyo ina kichujio kiitwacho loudnorm ambacho wengi hukikimbilia kwa sababu kinaahidi kufika −23 chenyewe. Kikiendeshwa mara moja bila vipimo vya awali, kinafanya kazi kwa kupandisha na kushusha sauti njiani. Shahidi anaponyamaza, kinaliona ziwa kuwa dogo na kulipandisha. Kimya chake kinajaa mawimbi ambayo hakuyasikia siku ile.

Kimya hicho kinastahili kukaliwa kidogo, maana ndipo muziki unapofanya uharibifu mkubwa zaidi.

Njia ya kawaida ya kuweka muziki chini ya maneno ni kompresa inayoamrishwa na sauti ya msemaji. Mtu akizungumza, muziki unashuka, akinyamaza, unapanda. Katika tangazo la sabuni inafanya kazi vizuri, kwa sababu msemaji wa tangazo hanyamazi. Mzee anayeeleza alivyorudi kijijini siku ya tatu akitafuta watu wake husema sentensi moja, kisha anatazama chini. Sekunde tatu, nne, saba. Kompresa iliyopangiwa kurudi baada ya nusu sekunde inaupandisha muziki hapo hapo, katikati ya kile kimya, na anapofungua mdomo unashuka tena kwa kuchelewa na kufunika silabi yake ya kwanza. Msikilizaji hatajua kilichotokea kiufundi. Atahisi tu kwamba kuna mtu anamharakisha mzee.

Ndiyo maana katika filamu za ushuhuda muziki hushushwa kwa mkono, tukio kwa tukio. Unaanza kushuka kama nusu sekunde hadi sekunde moja kabla ya neno la kwanza, ili mtu anapotamka muziki uwe umeshafika chini. Unabaki chini muda wote anaozungumza, pamoja na vimya vyake vyote, na hauinuki mpaka mhariri ana hakika kwamba amemaliza. Kupanda kwake ni kwa taratibu, sekunde mbili au tatu. Anayelazimika kutumia kompresa kwa sababu ya muda aipe muda mrefu wa kurudi, sekunde nzima au zaidi, kisha apitie vimya kimoja kimoja na kurekebisha kwa mkono.

Chini kiasi gani? Mwongozo wa kimataifa wa upatikanaji wa tovuti, WCAG, katika kiwango chake cha juu kabisa unataka sauti ya nyuma iwe desibeli 20 chini ya maneno. Ni kipimo kikali, na watengenezaji wengi wa filamu huona muziki ukikaa huko umekaribia kutoweka. Kwa spika nzuri na Kiswahili kinachozungumzwa waziwazi, tofauti ya 15 inaweza kutosha. Lakini huyu ni mzee anayezungumza polepole, amerekodiwa karibu na ziwa, na watakaomsikia ni pamoja na wazee wenzake ambao masikio yao nayo yamechoka. Hapo 20 ndiyo namba ya heshima. Ikiwa muziki kwenye 20 hauna kazi tena, basi haukuwa na kazi hapo tangu mwanzo na unaweza kutolewa.

Kushusha peke yake hakutoshi ikiwa muziki una maneno. Kutoka Uvira hadi Baraka kwaya za makanisa ni nyingi, na ni kawaida filamu kutumia kwaya ya Kiswahili. Kwaya ikiimba Kiswahili chini ya mtu anayezungumza Kiswahili, sikio la mwenyeji haliwezi kukataa kuyafuata maneno yote mawili, hata ya kwaya yakiwa madogo sana. Wanaoimba huenda ni ndugu zake. Kwaya iwekwe mahali ambapo hakuna anayezungumza, nayo ipewe nafasi yake yote. Chini ya maneno itumike sehemu ya ngoma au ala tu, na hata hiyo ipunguzwe desibeli mbili au tatu kati ya 1 kHz na 4 kHz, eneo ambalo konsonanti za msemaji hukaa.

Konsonanti ndizo zinazokufa kwanza Makobola. Wimbi linapovunjika ufukweni hutoa kelele pana, kuanzia mngurumo wa chini hadi ule msisimko wa povu ambao unakaa palepale penye s, f na h. Irabu zina nguvu na zinapita. Shahidi anayesema kwa haraka "sikumwona" na anayesema "nikamwona" wametofautiana kwa sauti mbili ndogo, na mojawapo ni s. Ikifunikwa na povu, mtazamaji wa Paris hana tatizo kwa sababu anasoma maandishi chini ya picha. Mtazamaji wa Makobola, ambaye hahitaji maandishi, ndiye anayepoteza maana. Hilo ni jambo la kuudhi kweli: filamu inaeleweka zaidi kwa mgeni kuliko kwa mwenye habari.

Kishawishi kinachofuata ni kuliondoa ziwa kwa programu za kusafisha kelele. Zinasaidia, lakini kwa kipimo. Wimbi si kelele ya kudumu kama ya feni. Linakuja na kuondoka, na programu inayojifunza kelele kutoka sekunde moja ya kimya inajifunza wimbi lililopita tu. Ikisukumwa zaidi ya desibeli 6 hadi 8, sauti ya shahidi inaanza kuwa na mlio wa kigae, kama anazungumza ndani ya mtungi, na zile s zilizokuwa zikitafutwa zinafutwa pamoja na povu. Dalili ya mapema ni miisho ya maneno: ikisikika kukatwa ghafla, kusafisha kumezidi. Kinachofanya kazi kwa uhakika zaidi ni hatua za kawaida. Kata mngurumo wa chini kwa kichujio, kwenye 80 Hz kwa mwanamume na 100 Hz hivi kwa mwanamke. Safisha kidogo. Inua kidogo eneo la 3 kHz katika sauti ya msemaji. Kisha kubali kwamba ziwa lipo.

Kulikubali ziwa kuna faida, kwa sababu tatizo kubwa zaidi huletwa na uhariri. Mhariri amekata sentensi mbili za mama na kuunganisha ya kwanza na ya nne. Picha imefunikwa na nyavu zinazoanikwa, hakuna anayeona. Lakini sikio linasikia: wimbi lilianza kuja, na halikufika. Limekatwa katikati na lingine limeanza kutoka mahali pengine. Watu waliozaliwa kando ya ziwa hulitambua hilo bila kufikiri, na wakishasikia kwamba maneno yamekatwa, wanaanza kujiuliza nini kimetolewa. Katika habari ya mauaji, swali hilo ni zito.

Dawa yake hutengenezwa siku ya kurekodi. Baada ya kila mahojiano, watu wote wananyamaza na kinasa sauti kinaendelea kwa dakika mbili au tatu, maikrofoni ikiwa palepale ilipokuwa. Sauti hiyo ya mahali inapita chini ya ushuhuda wote bila kukatwa, na katika kila maungo sauti ya mama inaingia na kutoka kwa mfifio mfupi huku ziwa la chini likiendelea. Ziwa hilo la chini linaweza kukaa kama LU 20 chini ya maneno, karibu na −43, na pale maungo yanapojitokeza linaweza kupanda kwa LU 2 au 3 kwa sekunde chache ili kuyafunika. Picha inapofunguka na hakuna anayezungumza, ziwa linainuka hadi −36 au −34 na mtazamaji anapumua nalo.

Muda wa siku nao lazima ulingane. Asubuhi Tanganyika hutulia. Mchana upepo huamka, na wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, upepo wa kusini unaweza kulifanya ziwa lipige kutwa. Mahojiano ya saa moja asubuhi yakiwekewa ziwa la saa tisa alasiri, mvuvi yeyote atajua. Vivyo hivyo kwa mvua kwenye mabati, jogoo na injini za mitumbwi ya wavuvi wa ndagala wanaorudi alfajiri. Kuna mipaka mingine isiyohusu ufundi tu. Kuongeza sauti ya ziwa la mahali na saa ileile ni kurekebisha. Kuongeza milio ya risasi chini ya maneno ya mtu aliyeisikia kweli ni kumsemea, na filamu ikifika mbele ya mwanasheria inakuwa sababu ya kutilia shaka kila sauti nyingine. Milio hiyo isiwekwe.

Haya yote huandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ambayo mwongozaji anampa mchanganyaji. Karatasi nzuri inataja saa ya picha, inasema kinachotakiwa kusikika, na inatoa sababu. Kwa filamu ile ya mfano ingesomeka hivi:

00:03:40. Ngoma ianze kushuka kabla mama hajafungua mdomo. Ikae LU 20 chini mpaka 00:05:10. Ananyamaza mara mbili, isipande.

00:11:05 hadi 00:14:20. Hakuna muziki kabisa. Anataja majina. Ziwa libaki −43, pikipiki ya 00:12:31 ipunguzwe lakini isifutwe, kwa sababu anageuka kuitazama.

00:19:32. Wimbi limekatika kwenye maungo. Tumia sauti ya mahali ya siku ileile, mfifio wa sekunde mbili.

00:23:00. Kwaya peke yake, isivuke −22. Itoke kabisa kabla ya maneno ya mwisho ya mzee.

Maelekezo ya aina ya "muziki uwe na hisia zaidi hapa" hayamsaidii mtu. Mchanganyaji hawezi kuyapima, na kwa kawaida atayatimiza kwa kupandisha.

Toleo la televisheni likishakamilika kwenye −23, kazi ya uwanjani bado. Uwanja una kelele yake, na kila kilicho chini ya kelele hiyo hakipo. Ile tofauti nzuri kati ya kunong'ona na kwaya, ambayo ndani ya chumba ilikuwa uhai wa filamu, uwanjani inamaanisha kwamba nusu ya filamu haisikiki. Toleo la uwanjani hubanwa: LRA ishushwe hadi kama 6, sehemu za chini za maneno ziinuliwe, muziki ulio chini ya maneno upunguzwe tena kwa LU 3 au 4, na mara nyingi uondolewe. Ziwa la nyuma karibu lote linaweza kutolewa, kwani lile la kweli liko mita chache kutoka kwenye pazia. Sauti zote ziwe mono. Katika spika mbili zilizowekwa mbali, aliyekaa kulia hasikii ya kushoto. Muziki wenye mawimbi yanayopingana hupungua au kupotea ukifanywa mono, hivyo usikilizwe kwanza. Jenereta liwekwe mbali kadiri waya unavyofika, nyuma ya ukuta, upande ambao spika hazielekei.

Simu ina masharti tofauti. Spika yake ndogo haitoi karibu chochote chini ya 300 Hz, hivyo ngoma kubwa hutoweka na sauti nzito ya mzee hubaki na sehemu yake ya juu tu. Toleo hili hupandishwa hadi −16 LUFS, kiwango ambacho Apple huwapendekezea watengenezaji wa podikasti. Kutoka −23 ni safari ya desibeli 7. Ikiwa vilele vya toleo la televisheni vilikuwa −5, sasa vingefika +2, juu ya dari, na limita iliyowekwa −1 itavikata kwa desibeli 3. Kiasi hicho hakisikiki kwa urahisi. Vilele vilivyokuwa tayari −1 vikisukumwa hivyo, limita italazimika kukata 7, na kila mara mama anapopaza sauti itasikika kana kwamba kuna mkono unamziba mdomo. Hapo ni heri kurudi nyuma na kutuliza vilele vya sauti yake kimoja kimoja.

Redio nayo hubana kwa mara ya pili. Vituo vingi, vikubwa na vidogo, hupitisha kila kitu kwenye mashine inayoinua kilicho kidogo kabla ya mnara. Muziki uliokuwa LU 15 chini ya maneno studioni unaweza kutoka hewani ukiwa umekaribia zaidi. Toleo la sauti la ushuhuda litakalopelekwa Radio Okapi, ambayo imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili na lugha nyingine tangu Februari 2002, au kwenye redio ya jamii, ni salama zaidi likienda na muziki mwanzoni na mwishoni tu.

Mwisho ni faili za kuhifadhi. Pamoja na mchanganyo uliokamilika, hutolewa faili tatu zenye urefu sawa, zinazoanza sekunde ileile: maneno peke yake, muziki peke yake, na sauti za mahali peke yake. Zikichezwa pamoja zirudishe mchanganyo uleule. Bila hizo, toleo la Kifaransa linatengenezwa kwa kumwagia sauti ya mfasiri juu ya kila kitu. Zikiwepo, mama anaanza kuzungumza kwa sauti yake kamili kwa sekunde mbili au tatu, kisha maneno yake pekee yanashuka kwa LU 12 hadi 15 mfasiri anapoingia, huku ziwa likibaki lilipokuwa. Mfasiri humaliza kabla yake, ili maneno yake ya mwisho yasikike wazi kwa Kiswahili. Na siku mtu wa eneo hilo atakapotaka toleo la Kibembe, atalipata bila kumtafuta aliyechanganya la kwanza.